Bando la Saa Moja

Mimi ni mwoga. Nianze na hilo kabisa, maana wifi zangu wananijua na wakisikia najisifu ushujaa watanicheka mpaka waanguke. Naogopa radi, naogopa dume la ng'ombe, naogopa simu ikiita alfajiri. Lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa karatasi ya bei za bando, kipindi kile mama yetu alipolazwa Mwanza.

Mama alikuwa na kisukari, na kidonda kilimwanzia kwenye vidole vya mguu wa kulia, wakati wa palizi ya pamba. Alikificha. Alikifunga kitambaa akaendelea kulima, mpaka harufu ikamsema. Tulipomfikisha Bariadi wakatuandikia rufaa ya Mwanza, na mdogo wangu, ambaye ameolewa kulekule, akawa ndiye wa kumuuguza. Mimi nilibaki Ngulyati na watoto, kuku, na simu ya kupangusa, ambayo ndiyo ilikuwa simu pekee ya aina hiyo kwenye ukoo wetu wa upande huu.

Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti, tena mapema, kabla uozo haujapanda. Ukipanda, watakata juu ya goti. Ukipanda zaidi, hakuna cha kukata. Mdogo wangu alinieleza haya kwenye simu akiwa analia, na mimi nikalia nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi.

Sasa, mama hakukataa kukatwa. Angekataa tungejua pa kuanzia. Alisema hivi: "Sitii dole gumba kwenye fomu yao mpaka kaka yangu anione kwa macho yake, aniambie mwenyewe." Kaka yake ni mjomba wetu, ndiye mkubwa wao, na ndiye amebaki. Kwetu mambo makubwa ya mama hayapiti bila yeye. Mjomba nyonga zilishamgomea siku nyingi, kupanda gari mpaka Mwanza hawezi. Nilimwonyesha picha ya ule mguu kwenye simu yangu, akaitazama kwa mbali, akasema, "Picha inaweza kuwa ya juzi au ya mwaka juzi. Mimi nataka nimwone anapumua, nimsemeshe anijibu."

Basi ikabidi iwe simu ya video. Daktari, Mungu ambariki, alikubali kuwepo ili amweleze mjomba. Ila akasema hana siku maalumu. "Wiki hii, nikipata nafasi nitawaambia." Neno hilo, *wiki hii*, lilinikaa kichwani usiku na mchana. Ilimaanisha simu yangu iwe na bando muda wote, kila siku, mpaka nafasi ya daktari ipatikane. Ikikosa bando siku hiyo tu, mguu unaendelea kuoza.

Tulikuwa tumebakiwa na pesa kidogo baada ya kutuma nauli na za dawa. Nikamwomba rafiki yangu anayeuza mitumba Bariadi mjini anipigie picha karatasi ya bei kwa wakala jirani yake, maana wakala yule ana bando za bei nafuu ambazo ukibonyeza menyu ya simu huzioni. Picha ikaja. Aliipiga kupitia kioo cha kibanda, jua limepiga kwenye kioo, kwa hiyo upande wa chini ulikuwa mweupe, haueleweki, na mwisho wa karatasi ulikatika.

Tukakaa mlangoni mimi na mume wangu, simu katikati. Shilingi mia tano, MB 250, saa moja. Elfu moja, GB 1, saa ishirini na nne. Elfu tatu, GB 2, siku saba. Elfu kumi, GB 8, siku thelathini. Na mstari wa mwisho, pembeni mwa ule mng'ao wa jua: elfu tano, GB 10, siku tatu, na mbele yake kinyota kidogo.

Mume wangu ni mkulima wa pamba mpaka kwenye mifupa. Kwake kila kitu kina bei ya kilo. Akachukua kijiti akaanza kugawanya chini kwenye mchanga. Ile ya mia tano, robo ya GB, kwa hiyo GB nzima ni elfu mbili. "Wizi mtupu," akasema. Ile ya siku moja, elfu moja kwa GB. Ya wiki, elfu moja mia tano. Ya mwezi, elfu moja mia mbili hamsini. Alipofika kwenye GB kumi kwa elfu tano akacheka kwa sauti. "Mia tano! Mama watoto, GB moja mia tano! Unataka nini tena?"

Nikamwambia, "Baba, hesabu yako haina kasoro, ila tunachonunua sisi si GB. Simu ya video ya nusu saa haimalizi hata nusu GB. Tunanunua siku." Nikachukua kijiti nami. Daktari kasema wiki hii. Ile ya elfu moja, tukinunua kila siku kwa siku saba, ni elfu saba. Ile ya elfu tatu inakaa siku saba zote, haifiki hata mia nne thelathini kwa siku. Kwa GB ni ghali kweli, lakini inatuvusha wiki nzima, na GB mbili zinatosha na kubaki. Zile kumi zinakufa siku ya tatu. Daktari akipata nafasi siku ya nne, tutamwonyesha mjomba nini?

"Zikifa tutanunua tena."

"Kwa pesa ya nani?"

"Weee, acha woga. GB kumi!"

"Na hicho kinyota ni cha nini? Na hapa chini pamekatika nini?"

Nikampigia rafiki yangu ajaribu kupiga picha nyingine, simu yake haipatikani, ilikuwa siku ya gulio. Nikasema tusubiri kesho. Nilienda kisimani, na niliporudi mume wangu alikuwa ameshapanda bodaboda ya jirani kwenda mjini. Aliporudi alikuwa anatabasamu, na ujumbe ulikuwa umeshaingia kwenye simu yangu. Niliusoma mara mbili. *GB 1 muda wote. GB 9 kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Siku 3.*

Kinyota ndicho hicho. Kwa matumizi ya mchana, ambayo ndiyo pekee tuliyokuwa na shida nayo, tulikuwa tumenunua GB moja kwa elfu tano. Hakuna mstari mwingine kwenye ile karatasi uliokuwa na bei mbaya kama hiyo.

Sikugombana naye. Sikuwa na nguvu. Alikaa kwenye kigoda, kofia mapajani, akasema tu, "Nimekosea." Nikamwambia, "Basi tumwombe Mungu daktari awahi."

Hiyo GB moja nayo, nikwambie ilivyokwenda. Simu yangu iko kwenye kundi la kwaya, na kwaya yetu kazi yake kutumiana video. Simu inazipakua yenyewe, mimi sijui. Nilipokuja kugundua na kuzima, zilikuwa zimebaki kama MB mia mbili tu. Kesho yake mdogo wangu akapiga video ya kujaribu mtandao, mama akataka kuona wajukuu, wajukuu wakataka kumwonyesha mbwa, na nani angekuwa na roho ya kuwakatia? Asubuhi ya siku ya tatu ujumbe ukaingia: bando lako la muda wote limeisha. GB tisa zimekaa ndani ya simu, nzima, na siwezi kugusa hata moja mpaka usiku wa manane. Nikazima data haraka isije ikaanza kula salio. Salio lenyewe lilikuwa shilingi mia tano na ushee.

Na siku hiyohiyo, mchana, nikiwa nimeenda kwa mjomba kumpelekea uji wa ulezi, mdogo wangu akapiga simu ya kawaida. "Dada, daktari yuko hapa sasa hivi. Kesho anasafiri. Anasema asipomaliza hili leo, atakayekuja sijui nani, sijui lini. Na dada, vidole viwili vimekuwa vyeusi kabisa."

Kwa mjomba ni mbali na duka. Ni boma la ng'ombe, miti ya minyaa, na nyumba mbili. Hana simu; ile kitochi yake ilimponyoka lambo likaimeza wakati wa kunywesha mifugo, na hakutaka kununuliwa nyingine. Kwa hiyo palikuwa na simu yangu tu na hizo shilingi mia tano na ushee. Nikafungua ile picha. Naisogeza juu, naisogeza chini, kana kwamba bei zingebadilika. Elfu moja sina. Elfu tatu sina. Kilichobaki ni mstari wa kwanza, ule mume wangu aliouita wizi mtupu: MB 250, saa moja. Bei ya GB elfu mbili.

MB zenyewe zingetosha, hilo sikuliogopa, maana simu ya jana ya kujaribu ilikuwa ndefu na haikula hata MB mia mbili. Niliogopa saa. Nilibonyeza menyu, maana hiyo ya mia tano menyu ilikuwa nayo, nikanunua. Ujumbe ukasema bando litaisha saa tisa na dakika saba. Nikawasha data, nikamwandikia mdogo wangu: piga.

Hakupiga. Akaandika: *Daktari ameitwa, kuna mama anajifungua kwa shida. Kasema anarudi sasa hivi.*

Jamani. Sijui niseme nini kuhusu huo muda wa kungoja. Mjomba alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha kamba, amevaa koti, amevaa ile kofia yake ya pama ambayo haivui ila msibani. Amekaa sawasawa kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Mimi nimesimama nyuma yake, simu mkononi, naangalia saa ya simu. Sikuthubutu kugusa kitu chochote. Nikafikiria, nikimwambia mjomba kwamba bando linaisha, atasema ngoja kesho. Nikanyamaza. Saa nane na nusu ikapita. Nikaanza kusali Baba Yetu, nikaipoteza katikati, nikaanza upya.

"Mbona unahema hivyo?" mjomba akauliza.

"Joto, mjomba."

Simu iliita ikiwa imebaki kama robo saa. Nilipokea karibu niiangushe. Mama akatokea, amelala kwenye mito, uso umepungua mpaka meno yameonekana makubwa. Mjomba akainama mbele. "Mwadila," akamsalimia kwa lugha yetu, sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mwadila, kaka," mama akajibu, akatabasamu. Waliulizana habari za ng'ombe, habari za mvua, habari za watu wote wa boma mmojammoja, maana ndivyo tunavyosalimiana, na huwezi kumkatiza mkubwa. Mimi nilitaka kupiga kelele. Niliangalia saa, nikaangalia mama, nikaangalia saa.

Mdogo wangu akageuza simu kwenye mguu. Mjomba akasema, "Chezesha vidole." Mama akajaribu, havikucheza. Daktari akaingia kwenye picha, kijana mwenye miwani, akaeleza taratibu kwa Kiswahili chepesi kwamba akikata leo atanusuru goti, na mwenye goti huvaa mguu wa bandia akatembea vizuri. Mjomba alikuwa anaitikia kwa kichwa, "Ee. Ee." Kwetu mtu akikueleza jambo zito unaitikia hivyo, kumwonyesha unasikia. Haina maana umekubali.

Kisha mama akarudi. "Sasa kaka," akasema, "nimesubiri neno lako."

Mjomba akavua kofia. Akaiweka gotini. Machozi yalikuwa yanashuka wazi, hakuyafuta. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayejiandaa kusema. Na hapo nikaona picha ya mama imeganda. Mdomo nusu wazi, macho hayapepesi. Kile kiduara kikaanza kuzunguka juu ya uso wake.

Mjomba haoni vizuri na hajui mambo ya viduara. Akasema, polepole, neno kwa neno: "Hapana, mdogo wangu. Mama yetu walimkata, akafa jeraha bichi. Wasikukate. Rudi nyumbani, nitakutibu mimi."

Kiduara kilizunguka. Halafu simu ikakatika. Saa tisa na dakika saba.

"Kamaliza?" mjomba akaniuliza. "Kasikia?"

Nikasema, "Simu imeisha, mjomba." Ilikuwa kweli, na sikuongeza neno. Akavaa kofia yake, akachukua fimbo, akaenda kutazama ndama, kama mtu aliyetua mzigo. Nilibaki nimekaa chini na simu imekufa mkononi. Ikiwa alisikia, mama anarudi nyumbani kufa. Ikiwa hakusikia, bado anangoja, na daktari kesho anasafiri. Salio lilikuwa shilingi zisizotosha hata ujumbe. Ningeweza kukimbilia barabarani kukopa simu ya mtu. Lakini ningempigia nimwambie nini? Kaka yako amesema hapana? Nilikaa palepale mpaka ng'ombe wakaingia zizini.

Mdogo wangu hakupiga jioni ile. Nyumbani mume wangu aliniuliza, nikamwambia yote, akashika kichwa. Hatukula. Nilijua saa sita usiku zile GB tisa zitafunguka, nikaificha simu kwenye sanduku la nguo ili nisiione. Sikutaka kujua. Alfajiri jogoo alipowika niliitoa, maana saa kumi na mbili ikifika zinafungwa tena, na zilikuwa zinakufa kabisa siku hiyo. Nikawasha data. Simu ikaanza kutetemeka. Kwaya. Kwaya. Kwaya. Halafu mdogo wangu, ujumbe wa tangu jana: *Mlipokatika tu mama akaomba wino. Ametia dole gumba. Ameingia chumba cha upasuaji saa kumi na moja. Simu yangu inaisha chaji.* Na mwingine wa alfajiri ileile: *Ametoka. Ameamka. Kaomba chai.*

Nililia mpaka mume wangu akadhani ni msiba, akaanza kulia naye. Nikamwonyesha.

Kwa mjomba alikwenda mume wangu kupeleka habari, mimi sikuweza. Aliporudi alisema mzee kasikiliza, kaitikia "Ee", kaingia ndani akafunga mlango. Mwezi mzima hakuuliza habari za mama. Hakumtaja. Kwake yeye, dada yake wa mwisho alikuwa amemsikia akisema hapana, akatia dole gumba. Nilitaka kumweleza na sikuthubutu, maana kumweleza ni kumwambia kwamba neno lake halikufika, na kwamba niliona picha imeganda nikanyamaza. Kila nikipita karibu na boma lake nilizunguka mbali.

Mama alirudi na magongo mawili na goti lake. Majirani walijaa, ngoma ikapigwa kidogo. Siku ya pili mjomba akaja, kwa miguu yake mibovu, akakaa kwenye kiti mbele yake. Mimi nilikuwa namimina chai. Nilijua limefika.

Mama akamshika mkono. "Kaka," akasema, "nilikuwa naogopa ungekataa. Kwa sababu ya mama. Nilikuwa nimeapa ukikataa narudi nyumbani, liwalo na liwe. Sauti yako sikuipata mwishoni, simu ziligoma. Lakini nilikuona umevua kofia, unalia, umeitikia kwa kichwa. Nikajua imekuuma na umeniruhusu. Ndipo nikaomba wino."

Chai ilikuwa inamwagika kwenye sahani na sikuizuia. Mjomba aligeuza kichwa taratibu akanitazama mimi, muda mrefu, na nikaona amejumlisha yote: simu, kiduara, jibu langu la siku ile. Kisha akautazama mguu ulioisha chini ya goti, na goti lenyewe, zima, chini ya khanga. Akavua kofia.

"Ee," akamwambia mama. "Nilikuruhusu."